Magaga na Washauri Wake

Ikifika Julai, Njombe nzima inageuka kuwa madaktari wa miguu. Ukivua viatu mlangoni kwa watu, macho yanashuka chini kabla hujajibiwa hodi, na ushauri unaanza hapo hapo. Paka limau. Paka chumvi. Loweka kwenye siki. Mzee mmoja wa mtaani kwetu anaapa kwa mafuta ya taa, na ninachoomba tu ni kwamba jioni hiyo asikae karibu na jiko. Nimechoka. Magaga ni yangu na visigino ni vyangu. Mpaka sasa aliyepata hasara ni chandarua peke yake, maana kila nikijigeuza usiku kisigino kinanasa na uzi unafuata. Mke wangu anasema chandarua kile tulinunua kizuie mbu, hakuna aliyemwambia kwamba kitapambana na mimi pia.

Basi akaletwa shemeji. Shemeji ni muuguzi, anaishi Tanga, na alikuja likizo akidhani atapumzika. Siku ya kwanza tu akaniambia, "Shemeji, lete mguu huo hapa kwenye mwanga." Nikauleta. Hakucheka, jambo lililonitia wasiwasi zaidi kuliko kama angecheka. Akaugeuza, akabonyeza pembeni, akauliza, "Unavaa nini ukiwa nyumbani?" Nikamwambia ndala, kama Mtanzania yeyote. Akatikisa kichwa kana kwamba nimekiri kosa la jinai.

Nilichojifunza kwake kilinikera, kwa sababu ilionekana nimenyimwa haki tangu kuzaliwa. Ngozi ya unyayo haina tezi za mafuta. Haina kabisa. Paji la uso wangu linang'aa kufikia saa sita mchana bila mimi kulilipia chochote, lakini kisigino kinachobeba mwili mzima hakipewi hata tone. Kina tezi za jasho tu, na jasho la mguu ulio wazi kwenye upepo wa Julai linakauka mara moja. Ngozi ya hapo ni nene kwa asili, ikikauka inakuwa sugu, na sugu haivutiki.

Chini ya ngozi hiyo kuna mafuta ya mwili yanayopokea uzito wetu. Ukisimama, yanatanuka pembeni kama mto uliokaliwa. Ngozi laini inatanuka nayo. Ngozi iliyokauka inakataa, halafu inapasuka. Ndiyo maana ukichunguza utaona nyufa ziko ukingoni, kuzunguka kisigino, wala siyo katikati ya unyayo. Na ndala haina ukuta wa nyuma wa kukishika kisigino kisitanuke. Ndiyo maana pia watu wa Pwani, wenye hewa yao ya unyevu wanayotusimanga nayo, nao wana magaga. Shemeji alikubali hilo kwa shida kidogo.

Sasa beseni. Huku kwetu kwenye baridi, maji ya moto ni starehe inayofuata baada ya chai, na mtu akiambiwa aloweke miguu anachemsha birika zima. Shemeji akamwaga maji yangu. Anataka maji ya vuguvugu, yale ambayo ukitia kiwiko husikii moto wala baridi, na anataka dakika 10 hadi 15, basi. Sabuni ya kawaida ya kuogea inatosha, kidogo tu. Maji ya moto sana na kuloweka kwa muda mrefu vinaondoa hata ule unyevu na mafuta machache yaliyobaki kwenye ngozi, kisha miguu inatoka imelainika kwa robo saa na inakauka kuliko ilivyoingia. Hayo ndiyo malipo ya starehe. Kuota moto na nyayo zikielekea kwenye makaa nako kunafanya kazi hiyo hiyo, na hapo ndipo nilipotaka kuvunja undugu.

Limau na siki? Ni asidi, na asidi inalegeza ngozi iliyokufa kidogo, sikatai. Lakini limau kwenye ufa uliofikia nyama ni adhabu, na jeraha lililochomwa halifungi upesi. Chumvi haina miujiza humo ndani. Na yule anayemimina dawa ya kufanya nguo nyeupe ndani ya beseni la miguu aache, mguu siyo shati la shule.

Baada ya beseni ndipo jiwe, na hapa Waswahili tuna hasira. Mtu anasugua kisigino kana kwamba kinamdai. Jiwe zuri la kusugulia miguu ni lile jepesi lenye vitundu, la volkano, ambalo likiwa la asili hata linaelea majini. Unalilowesha, unasugua taratibu kuelekea upande mmoja, dakika mbili au tatu kila mguu, na unaacha ngozi ikianza kuwa ya waridi au kuwasha. Huendi mpaka mwisho siku hiyo hiyo. Unyayo unahitaji unene fulani, na ukiuparua kupita kiasi, mwili unajibu kwa kuota sugu nene zaidi, tena kwa kiburi. Mara mbili kwa wiki yatosha. Ufa unaotoa damu haupitishwi jiwe kabisa mpaka ufunge.

Kuhusu vijana wanaopita mtaani na kikapu cha rangi za kucha, sina ugomvi na rangi zao, wana mkono mzuri. Ugomvi wangu ni wembe. Kijana anaparua kisigino cha mama wa kwanza, anaupangusa kwenye kitambaa, anahamia kwa jirani yake. Wembe uliogusa damu unaweza kubeba homa ya ini aina ya B na hata VVU, na wembe huohuo ukiingia ndani kidogo unafungua mlango kwa bakteria. Mawe pia hayaazimwi, yanahamisha fangasi. Langu nimeliwekea alama, kwa sababu nyumba hii ina watoto wasioheshimu mipaka. Nikimaliza linaoshwa kwa sabuni na kuanikwa juani.

Mpaka hapo kila mtu mtaani anajua. Tatizo ni kwamba wengi wanaishia hapo: wanaloweka, wanasugua, wanajitazama kwa furaha, wanavaa ndala na kwenda kuchota maji. Kesho wanalalamika kwamba jiwe ni bovu. Jiwe halikuahidi kuleta unyevu. Unyevu unawekwa baada ya hapo, na una saa yake. Unajikausha kwa kugusisha taulo bila kufuta kwa nguvu, ukikumbuka katikati ya vidole, kisha ndani ya dakika kama tatu, ngozi ikiwa bado na ubaridi wa maji, unapaka.

Unapaka nini ndiyo swali lililonigharimu mazungumzo marefu. Mafuta ya mgando tunayopaka watoto hayaongezi maji kwenye ngozi, yanafunika tu ili yaliyomo yasitoke. Ukiyapaka mchana juu ya kisigino kikavu, umeufungia ukame ndani na kuupaka mng'aro. Ukiyapaka juu ya ngozi yenye unyevu, yanafanya kazi nzuri kwa bei ndogo. Kitu kinachovuta maji na kuyashikilia ni glisirini, na chenye nguvu zaidi ni yurea. Krimu ya yurea soma namba yake: asilimia 10 ni ya kutunza kila siku, asilimia 20 hadi 25 ni ya magaga hasa, kwa sababu ikifika hapo inalegeza na ile sugu yenyewe. Ya asilimia 40 usijinunulie tu, hiyo ni ya ngozi nene sana na inahitaji mtu anayejua. Kwenye ufa ulio wazi yurea inauma, kwa hiyo kwanza funika ufa kwa mafuta ya mgando na plasta, uache ufunge, ndipo uanze.

Mfuko wangu uliposikia bei ya krimu ukaomba njia nyingine, na shemeji akaitoa. Chupa ndogo ya glisirini kutoka duka la dawa, unachanganya na maji kiasi hicho hicho kiganjani, unapaka kisigino chenye unyevu, juu yake mafuta ya mgando, juu yake soksi za pamba, unalala. Kupaka ni kila usiku, hata siku ambazo hakuna beseni wala jiwe. Katikati ya vidole hapapakwi, pakikaa na unyevu fangasi wanahamia. Na usithubutu kwenda msalani usiku kwenye vigae ukiwa peku umejipaka. Sisemi zaidi, lakini ndoo ilisikika kwa jirani.

Ulaini unasikika baada ya siku chache, ila ufa mzito unaweza kuchukua wiki mbili hadi nne kufunga, maana ngozi ya unyayo inajibadilisha polepole. Chandarua kwetu kimepumzika. Ukiacha kupaka, magaga yanarudi, kwa sababu ile habari ya kukosa tezi za mafuta haitabadilika.

Jirani yangu alifuata yote haya na hakupata kitu, akaanza kumsema shemeji. Shemeji akamwomba avue soksi. Mguu mmoja ulikuwa mkavu kuliko mwingine, mistari ya unyayo ilijaa unga mweupe, katikati ya vidole viwili vya mwisho ngozi ilikuwa inabanduka na kuwasha, na ukucha mmoja umekuwa mnene na wa manjano. Hao ni fangasi, wanaojifanya ukavu, na krimu ya kulainisha haiwatishi. Krimu ya klotrimazoli au tabinafini ndiyo yao, inapakwa mpaka muda ulioandikwa uishe hata kama muwasho umekwisha mapema. Ukucha ulioingiliwa hauponi kwa krimu, huo ni wa kumwonyesha daktari.

Na wewe mwenye kisukari, beseni, jiwe na yurea nilivyovisifu hapa usivianze bila kuuliza kliniki. Kisukari kinaweza kuua hisia za mguu, ukaungua na maji au ukajichubua bila kusikia, na kidonda kikachelewa kupona. Kagua nyayo zako kila siku kwa kioo, au mwombe mtu wa nyumbani akuangalizie. Ukiona ufa unatoa usaha, umevimba au una joto, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri siku ya kliniki.