Shangazi Anajibu: Nimemtumia Waridi, Kauliza Namba ya Nani

Shangazi, mimi ni mke wa mkulima wa pamba, Bariadi vijijini. Maneno ya mapenzi yananishinda. Mwaka jana, siku ya kuzaliwa ya mume wangu, nilinakili ujumbe wa shoga yangu: "Wewe ni waridi la bustani ya moyo wangu." Akanipigia kutoka mnadani, akauliza hii ni namba ya nani, na nani ameshika simu yangu. Mwezi huu anazaliwa tena. Nifanyeje? – Mama Shija

Mwanangu, kwanza mumeo hana kosa. Mtu unamwita Baba Shija miaka yote, ghafla awe waridi? Mimi pia ningedhani simu imeibwa.

Waridi liache, tafuta kitu alichofanya yeye. Barua yako ya pili, ile ndefu uliyosema "haina maana Shangazi, ni kupiga soga tu", ndiyo ina dawa. Umeeleza kwamba msimu huu, pamba ilipolipwa, alipita kwa wakala, akaja moja kwa moja nyumbani, akamwaga noti mkekani na risiti ya mzani juu yake, akasema, "Hesabu." Mwanangu, sisi wa Simiyu tunajua hela ya pamba inavyopotelea njiani. Kuna wanaume huondoka na magunia wakarudi baada ya wiki na redio. Wako kaleta mpaka risiti, nawe ukanyamaza ukaenda kusonga ugali!

Basi andika hivi:

"Baba Shija, heri ya kuzaliwa. Ulipouza pamba ulileta hela yote na risiti tukahesabu mkekani. Nilinyamaza tu, ila nilifurahi sana. Nakupenda. Mama Shija"

"Nakupenda" nimeiweka karibu na mwisho makusudi. Ukianza nayo utaifuta, nakujua. Ukiifikia umeshasema kweli tatu, nayo inapita.

Nimehesabu: herufi, alama na nafasi ni 151. Ujumbe mmoja wa kawaida unabeba 160, kwa hiyo unaenda mzima. Ila usibandike kile kimoyo chekundu. Kikiingia tu, kiwango kinashuka hadi 70, ujumbe unakatwa vipande vitatu, na kama huna kifurushi vocha inaliwa mara tatu. Juu ya hayo, kitochi cha mumeo kitaonyesha kiboksi kitupu, aulize tena ni nini hiki.

Sasa hatari yenyewe. Umesema macho yake hayaoni vizuri, na meseji husomewa na mwanenu Kulwa. Ukituma jioni, "nakupenda" itasomwa kwa sauti mbele ya mama mkwe, na Doto ataidakia. Tuma asubuhi watoto wakiwa shule, naye yuko shambani na miwani mfukoni.

Jibu usilitarajie refu. Akiandika "Sawa, nimeona", amejibu. Akirudi na kilo ya nyama, amejibu kwa kirefu. Akiuliza tena ni namba ya nani, niandikie, nitampigia mwenyewe.