Namna ya Kuongea kwenye Shughuli Usiyoijua

Simu imekuja Alhamisi usiku kutoka Bariadi: "Jumamosi kuna shughuli nyumbani. Njoo, utasema neno kwa niaba ya ukoo." Kabla hujauliza ni shughuli gani, simu imekatika, na ukipiga haipatikani. Tulia. Najua unachotaka: Jumamosi jioni wazee waulizane "huyu ni mtoto wa nani?" huku wakitikisa vichwa kwa kuridhika. Unaweza kulipata hilo bila kujua kama unakwenda harusini au msibani, wamekuja watu ishirini au mia nne, utapewa dakika moja au kumi. Twende pamoja.

Kwanza: usiandike hotuba, andaa kisa. Hotuba ya harusi haisemeki msibani, lakini kisa cha mtu aliyewahi kuitendea familia jambo jema hukaa popote. Chagua kimoja tu, chenye kitu kinachoonekana kwa macho. Tuchukue mfano huu:

"Nilipokuja kusoma mjini nilifika mlangoni hapa na mfuko wa rambo na ndala moja imekatika. Shangazi hakuniuliza nitakaa siku ngapi. Aliwaambia wanawe: sogeeni kwenye mkeka, mwenzenu alale."

Hapo umeshapata mwili wa hotuba. Kilichobaki ni mkia, nao utauchagua ukishafika. Ikiwa ni sendofu, geuka kwa bibi harusi: "Binti yetu, huko uendako, akibisha hodi wa kwetu au wa kwao, nawe sogeza mkeka." Ikiwa ni ubatizo au kipaimara: "Mtoto huyu ameshasogezewa nafasi. Tumlee naye ajue kusogea." Ikiwa ni msiba, punguza sauti: "Leo tumekuja kuketi nanyi kwenye mkeka uleule." Na ikiwa aliyefariki ni shangazi mwenyewe, usiongeze mkia wowote. Simulia kisa, sema "Mungu ampumzishe", ukae. Watu watalia, nawe pengine utalia pia.

Kariri kisa mpaka ukisimulie bila karatasi. Mikia mitatu haihitaji kukaririwa, jua tu kila mmoja unaelekea wapi.

Pili: mzungukie mpishi. Ukishuka Bariadi, tuseme shughuli ni Somanda, usimuulize mtu getini "hapa kuna nini?" Utatangazwa kuwa ndugu wa ovyo. Sema "poleni na shughuli", salamu inayofaa kila mahali, kisha tumia macho. Daftari la rambirambi mezani na wanaume wameuzunguka moto: msiba. Viti vimevalishwa vitambaa na kuna meza ya keki: harusi au sendofu. Tofauti yake ni kwamba sendofu huandaliwa na upande wa binti, na watu wa bwana harusi huketishwa kama wageni.

Mtego mkubwa ni arobaini. Huko utakuta turubai, pilau, hata vicheko, na hakuna anayelia. Kijana mchangamfu huingia hapo na "hongereni sana", na ukoo humkumbuka kwa miaka. Tafuta picha ya marehemu, au sikiliza: kama spika zipo na muziki haupigwi kabisa, zuia pongezi zako.

Kisha nenda nyuma ya nyumba kwenye masufuria. Mpe mpishi shikamoo, uombe maji ya kunywa, na umuulize, "Mama, mmepika kilo ngapi?" Kilo moja ya mchele hutosha watu sita hadi wanane, kwa hiyo kilo thelathini ni watu mia mbili hivi. Mtu anayepikia wengi namna hiyo anajua pia nani anaolewa, nani amefariki, na ndugu gani hawasemezani. Haya ya mwisho yasikilize kwa makini kuliko yote, maana ndiyo majina usiyoyataja katika sentensi moja.

Wageni wakiwa chini ya thelathini, simama pale ulipo, kataa maiki, ongea kama unayezungumza sebuleni. Wakizidi mia, shika maiki karibu na kidevu na usisogee mbele ya spika, itapiga yowe.

Tatu: kuhusu muda, mtazame MC, usimwamini. Atakuambia "dakika tano" kwa sababu ndivyo anavyomwambia kila mtu. Angalia masufuria. Yakishafika kwenye meza ya chakula, una dakika moja hata kama umeahidiwa kumi. Ukimsikia anasema "muda si rafiki", ni amri. Msibani tazama kiongozi wa dini: akishaanza kukusanya vitabu vyake, maziko yamekaribia na wewe umekwisha.

Kisa cha mkeka pamoja na salamu na mkia hakizidi dakika moja. Wakikupa tatu, eleza usiku huo mlikula nini na nani alivuta shuka. Wakikupa kumi, kuna njia ya mkato ninayoipenda kuliko zote: waombe wote waliowahi kulala kwenye mkeka ule wasimame, na umwachie mmoja wao aseme. Dakika zitakwisha zenyewe, na sifa zitarudi kwako.

Nne: salamu. Hapa ndipo wengi huzama, wakitaja vyeo mpaka chakula kinapoa. Wataje wenye nyumba, wazee wa ukoo, viongozi wa dini na mwenyekiti wa mtaa kama yupo, kisha sema "itifaki imezingatiwa". Msibani wafiwa hutangulia wote. Asubuhi tupa "mwangaluka", mchana "mwadila", hata kama Kisukuma chako kinaishia hapo. Bibi zako watakuitikia kwa nguvu na umeshawapata kabla hujaanza. Malizia na "wabeja", basi.

Tano: mambo matatu ya kuchunga kwa watu wa Simiyu. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012. Kisa chako kikiwa cha zamani zaidi, sema "wakati huo bado tuko Shinyanga". Wazee wataona unaujua ukoo. La pili, acha siasa. Bariadi ni mahali ambapo UDP ya John Cheyo iliwahi kuwa na nguvu mbele ya CCM, na chini ya turubai moja kuna wajomba waliokuwa pande zote mbili. Mzaha mmoja wa chama utawapa wajomba hao mada mpaka usiku, na kisa chako kitasahaulika. Bei ya pamba nayo iache, hasa shughuli ikiwa kati ya Juni na Agosti, baada ya mavuno. Ndipo sherehe nyingi hufanyika, na anayezigharimia anaijua bei hiyo kuliko wewe.

Mwisho. Mkia ukishatoka mdomoni, kaa chini. Usiseme "nisiwachoshe" halafu ukaendelea, wala usirudi kumshukuru uliyemsahau. Utamshukuru kwa mkono mezani. Maiki mpe MC mkononi, bahasha yako mpe mweka hazina na uhakikishe jina limeandikwa, kisha panga foleni ya chakula nyuma ya wazee.