Barua ya Wazi kwa Meza Kuu

Kwa Mtukufu Meza Kuu, mwenye kitambaa cheupe, maua ya plastiki na chupa za maji, popote utakapotandikwa katika kumbi za Tukuyu na Wilaya nzima ya Rungwe.

Baada ya salamu na taadhima zikustahilizo, naomba idhini ya kusema. Nakuandikia wewe, wala si waungwana wakaao nyuma yako, kwa kuwa wao huja na kuondoka kwa uhamisho na kwa uchaguzi, ilhali wewe hubaki palepale, vizazi kwa vizazi, na kila akaliaye kiti chako hurithi tabia zako kabla hajamaliza kuvuta kiti. Mimi ni mwendesha mjadala, yaani yule mtu asimamaye pembeni akiwa na saa mkononi na orodha ya maswali ambayo, kwa fadhila zako, hayajapata kuulizwa yote.

Tuchukue mjadala mmoja wa mfano, juu ya bei ya majani mabichi ya chai, uliopangwa kuanza saa 4:00 asubuhi na kwisha saa 6:00 mchana. Dakika hizo 120 mimi huzigawa hivi: dakika 5 za kufungua, dakika 16 za duru ya kwanza ambamo wazungumzaji wanne hupewa dakika 4 kila mmoja, dakika 34 za kuulizana wao kwa wao, dakika 60 za hadhira, na dakika 5 za kufunga. Hadhira imepewa nusu nzima kwa sababu ndiyo ichumayo chai, na mwenye kuchuma hawezi kukaa hadi magharibi: majani mawili na chipukizi lake yakishakatwa hayangoji, sharti yafike kiwandani yakali mabichi, na lori la kupokea majani halina desturi ya kusubiri mwisho wa hotuba.

Sasa tazama, Mtukufu, namna unavyoyatukuza majira hayo. Hufika saa 4:50, maana heshima hupimwa kwa urefu wa kungojewa, na hapo dakika 50 zimekwenda. Wageni 11 hutambulishwa, kila mmoja akasimama, akapunga mkono, akapigiwa makofi matatu ya kilo: dakika 12. Risala husomwa kwa dakika 8. Mgeni rasmi, aliyeombwa aseme maneno machache, husema dakika 25, na katika hizo hutangaza mara mbili kwamba itifaki imezingatiwa, jambo ambalo sote tulikwisha kuliona kwa macho yetu. Jumla ni dakika 95. Zimesalia 25. Mzungumzaji wa kwanza, akiiga mfano mwema alioonyeshwa, hula 12. Watatu waliobaki hugawana 13. Na hadhira iliyoahidiwa dakika 60 huambiwa, kwa huzuni isiyo na kifani, kwamba kwa ajili ya ufinyu wa muda maswali yatapelekwa ofisini. Ufinyu huo, kama hesabu yangu si batili, haukutoka mbinguni.

Wala usidhani kwamba nalilia dakika peke yake. Unapotandikwa, kazi iliyofanywa kwa siku nyingi kabla ya kufika kwako hubatilika, na kwa kuwa kazi hiyo hufanyika sirini, yawezekana hukupata kuisikia. Niruhusu niieleze.

Kwanza kuna swali. Katika mafaili ya waandaaji hukuta swali la namna hii: "Unaionaje hali ya zao la chai, changamoto zake, na nini kifanyike?" Hayo ni maswali matatu yaliyofungwa kitanzi kimoja, na mjibuji mwerevu hulichagua lile jepesi, akalijibu kwa madaha, akaketi. Mimi huuliza: "Majani yakipimwa yakiwa yamelowa mvua, ni nani huamua kilo zitakazokatwa?" Ni swali moja, na jibu lake ni mtu au ni kanuni, likijibiwa kwa sifa za Serikali au za kiwanda, ukumbi mzima hutambua kwamba halijajibiwa. Tena katika nchi hii, ambako miteremko ya Mlima Rungwe hupata mvua ipitayo milimita 2,000 kwa mwaka, majani yaliyolowa si ajali, ni kawaida, kwa hiyo hapana mkulima ukumbini asiyekuwa na haja na jibu lake.

Pili kuna maandalizi ya wazungumzaji. Kila mmoja humpigia simu peke yake, nikamweleza mambo matatu: mpaka wa mjadala ni upi, wenzake ni akina nani, na swali lake la kwanza ni lipi, neno kwa neno. La kwanza hulitoa waziwazi ili mtu asishtukizwe mbele ya kadamnasi, maana aliyeshtukizwa hujikinga kwa maneno matupu. Yale yanayofuata huyaficha, maana aliyepewa yote huja na karatasi na kuisoma. Kisha humwuliza: "Ni jambo gani ambalo wewe na mwenzako hamtakubaliana?" Wote wanne wakijibu kuwa hakuna, najua kwamba sina mjadala bali nina kwaya, nami hutafuta mzungumzaji mwingine kabla ya siku kufika.

Kisha huja kupanga nani atangulie. Ukitaka kuua mjadala, mwanzishe mkubwa. Ofisa wa kiwanda akisema kwanza, kiongozi wa chama cha wakulima ataungana na mzungumzaji aliyetangulia, bwana shamba ataungana na hao wawili, na mama mchuma chai, ambaye ndiye pekee aliyesimama kituoni jana majani yakipimwa, atashukuru kwa kualikwa. Kwa hiyo mimi humwanzisha mama, ofisa nikamweka mwisho, ili huyu ajibu alichosikia badala ya yule kuitikia alichoambiwa. Mpango huo, Mtukufu, wewe huuvunja kwa neno moja: "Tuanze na mheshimiwa, ana majukumu mengine."

Tatu ni ulinzi wa saa. Mwendesha mjadala hawezi kusikiliza na kutazama saa kwa pamoja. Basi huwekwa karani wa saa, akaketi safu ya mbele katikati, mahali ambapo msemaji hawezi kusingizia hakumwona. Kadi ya kijani ni dakika 2 zimebaki, ya njano ni dakika 1, na nyekundu ni kwisha. Nyekundu ikipuuzwa, simkatizi mtu katikati ya sentensi, kwani ataianza upya tangu Adamu, humvizia pale avutapo pumzi, nikamwita kwa jina lake la heshima, nikalichukua neno lake la mwisho na kumkabidhi mwenzake: "Ahsante, Mzee. Hapo penye mizani, Mama, ndivyo ilivyo kituoni kwako?" Hivyo aliyekatizwa huona maneno yake yamechukuliwa, hayakutupwa. Hila hiyo hufaulu kwa wazee, kwa wasomi, hata kwa wachungaji. Kwako haijapata kufaulu, kwa sababu karani wa saa ni mwajiriwa, ana watoto shuleni, na kadi nyekundu mbele ya mgeni rasmi huweza kumpa yeye uhamisho wa ghafla.

Nne ni hadhira yenyewe, na hapa ndipo penye fani. Kipaza sauti hakipewi mtu. Hushikwa na msaidizi, muulizaji akasemea mkononi mwake, kwa dakika 1. Maswali sipokei matatu kwa mkupuo, maana walio mezani hulijibu lile tamu na kuyasahau machungu mawili. Hupokea moja, nikalisimamia mpaka lijibiwe. Wa kwanza humchagua kutoka safu za nyuma, na akipatikana mwanamke huwa ni yeye, kwani anayefungua mlango ndiye aonyeshaye wengine ukubwa wake. Asimamapo bwana akasema kwamba hana swali bali ana mchango, simdharau, humngojea dakika yake iishe, nikauchuja mchango na kumrudishia: "Yaani wauliza kwa nini malipo hucheleweshwa?" Aghalabu huitikia kwa furaha, kwa kuwa hakujua kwamba alikuwa na swali zuri kiasi hicho. Asimamapo mzee akasema kwa Kinyakyusa, humwacha amalize, nikaueleza muhtasari kwa Kiswahili, kisha nikamwuliza yeye mwenyewe kama nimesema sawa.

Wako pia wasioweza kusimama kabisa, nao ni wale ambao mpokea majani yao ameketi safu mbili mbele yao. Kwa hao kuna vikaratasi na sanduku. Vina kasoro yake: mtu aliyejificha huweza kutukana, kwa hiyo husoma swali na kuliacha tusi, na jina la mtu binafsi silitamki. Lakini vina faida nyingine ambayo ni mwenyeji wa Tukuyu tu aijuaye: mvua ikishuka juu ya bati la ukumbi, hata kipaza sauti husalimu amri, na hapo watu huandika huku mbingu ikihutubia. Mbingu, nikiri kwa haki, huzidiwa nawe kwa urefu wa hotuba.

Mwisho, swali lisilo na jibu siku ile huandikwa mbele ya wote pamoja na jina la ofisi itakayojibu na tarehe. Mwendesha mjadala hana mamlaka ya kupandisha bei hata kwa senti moja; uwezo wake ni kuhakikisha kwamba asiyejibu ameonekana hajajibu. Nahisi, Mtukufu, kwamba hiyo ndiyo sababu hasa ya itifaki kuwa ndefu.

Mwaka 1951 mtaalamu Monica Wilson alichapisha kitabu juu ya vijiji vya marika vya Wanyakyusa, ambamo vijana wa rika moja walijijengea na kukaa pamoja mbali na baba zao, na akaeleza jinsi watu wa nchi hii walivyoamini kwamba hekima hupatikana kwa mazungumzo ya walio sawa. Hakuandika popote, kwa kadiri nilivyomsoma, kwamba katika mazungumzo hayo palikuwa na meza iliyovikwa kitambaa.

Basi haja zangu ni chache. Ufike saa iliyoandikwa, au mjadala uanze bila wewe. Wageni watambulishwe wote kwa sentensi moja, wakiwa wameketi. Mgeni rasmi aseme mwisho, kwa dakika 5, na asemayo yawe majibu ya aliyoyasikia. Akiwa na majukumu mengine aende kwa amani, aache mtu mwenye mamlaka ya kujibu. Na iwapo utapenda kunijibu barua hii mbele ya watu, ukumbi uko wazi: una dakika 4, karani wa saa ameketi mbele yako, na dakika za itifaki zitahesabiwa ndani yake.

Wako mtiifu, kwa kadiri saa inavyoruhusu,

Mwendesha Mjadala,
Tukuyu.