Njia za Mkato kwa Mzazi Mwenye Haraka

Wazazi na walezi wa Darasa la Tano,

Kuanzia Jumatatu ijayo nitarekodi baadhi ya vipindi vya Hisabati, ili mtoto aliyeugua au aliyetoka darasani na nusu ya somo aweze kulirudia jioni. Barua hii inaeleza video hizo zitaitwaje, chini yake kutaandikwa nini, na mtazipataje bila mtoto wa mtu yeyote kuanikwa. Najua mnaisoma ndani ya daladala. Basi nimewaandikia njia za mkato tupu. Kila moja ni salama, itumieni bila aibu.

1. Usitazame video nzima

Huna dakika 12 za kunitazama nikiandika ubaoni, na mtoto wako hazihitaji zote. Anachohitaji ni ile sehemu aliyokwama. Mfikishe hapo, kisha rudi jikoni.

Simu yangu ikimaliza kurekodi huipa video jina kama hili: `VID_20250312_101533.mp4`. Ukiwa na video 20 za namna hiyo, utafungua moja baada ya nyingine hadi bando liishe. Kwa hiyo kila video nitaipa jina jipya, na jina litaanza na mada, kwa sababu kwenye kioo cha simu yanaonekana maneno machache ya mwanzo tu:

```
Sehemu: kujumlisha zenye asili tofauti | Hisabati D5
```

Jina la shule halimo, wala mkondo, wala jina langu, wala la mtoto. Mkiniuliza mbona sijivunii shule yetu, jibu ni hili: mtu asiyetujua akipata jina la shule, mkondo na saa ya kipindi, amejua mtoto fulani anakaa wapi kila Jumatano saa nne asubuhi. Mada peke yake haimwambii lolote. Ninyi mnaijua shule tayari.

Chini ya jina nitaandika maelezo mafupi, na hapo ndipo penye njia yenu ya mkato. Video ya kwanza itakuwa hivi:

```
00:00 Tulipoishia
01:30 Kwa nini 2/3 na 1/4 hazijumlishwi moja kwa moja
04:10 Kutafuta KDS ya 3 na 4
07:45 Mfano: 8/12 + 3/12 = 11/12
10:20 Zoezi la nyumbani, maswali 5
```

Ukibonyeza dakika yoyote hapo, video inarukia papo hapo. YouTube inakubali mpangilio huu endapo orodha inaanza na 00:00, ina vituo visivyopungua vitatu, na kila kituo kina angalau sekunde 10. Hilo ni jukumu langu. Lako ni kufungua daftari. Ukiona mtoto ameandika 2/3 + 1/4 = 3/7, amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Mpeleke 01:30. Ukiona 12 ameipata lakini juu kabaki na 2 na 1, KDS ameielewa ila amesahau kubadili kiasi. Huyo mpeleke 07:45 moja kwa moja. Hata kama sehemu zenyewe ulishazisahau, kosa hili utalitambua kwa macho.

Ubora wa picha uweke 360p, maandishi ya chaki yatasomeka. Ukishusha hadi 144p unaokoa bando lakini 3 na 8 zinafanana.

2. Usihifadhi chochote kwenye simu

Simu yako imejaa picha za harusi na video za kwaya, acha ibaki hivyo. Sitatuma faili la video kwenye kundi la wazazi. Nitatuma linki tu. Hapa naomba mnisome polepole, kwa sababu jambo hili nimelijifunza kwa kumuumiza mtoto.

Mwaka juzi, nikifundisha kwingine, nilirekodi kipindi na kutuma video yenyewe kwenye kundi la WhatsApp. Sikuisikiliza kwanza. Katika dakika ya tisa mwanafunzi mmoja aliingia amechelewa. Nilimwita kwa majina yake yote mawili nikamuuliza sababu. Akajibu kwa sauti safi kabisa kwamba mama amelazwa, kwa sasa analala kwa shangazi, akataja na mtaa. Mchana video ilikuwa kwenye kundi letu. Usiku ilikuwa kwenye makundi ya twisheni ambayo sikuyajua. Shangazi ndiye aliyenipigia. Niliifuta kwa wote, ikatoweka kwenye kundi letu, lakini waliokwisha kuihifadhi au kuisambaza walibaki nayo. Sikuwa na namna ya kuirudisha. Mtoto yule alikaa siku mbili bila kuja shule.

Faili ukishalituma, si lako tena. Kila simu iliyolipokea ina nakala yake. Linki ni tofauti: video inabaki mahali pamoja, kwenye akaunti ninayoishika mimi, na linki ni mlango tu. Nikiufunga mlango, umefungwa kwa wote, hata kwa yule aliyetumiwa na mtu wa tano. Ingekuwa ni linki siku ile, ningeigeuza video kuwa `Private` ndani ya dakika moja, nikaikata ile dakika ya tisa, kisha nikaifungua tena.

Video zetu zitawekwa kama `Unlisted`. Maana yake video haitokei kwa anayetafuta YouTube, lakini yeyote mwenye linki anaiona bila kuulizwa. Si kufuli, ni mlango usio na kibao. Kufuli kamili ni `Private`, ila huko kila mtazamaji hualikwa kwa anwani ya akaunti yake ya Google na nafasi ni 50 kwa video, nasi tuna watoto 63. Kwa kuwa mlango wetu hauna kufuli, kinachowekwa ndani lazima kiwe kitu ambacho hata mgeni akikiona hakimdhuru mtoto. Simu nitaiweka kwenye dawati la mbele kabisa, ikitazama ubao, kwa hiyo itaona ubao, mkono wangu, na pengine mgongo wa anayekuja kuandika. Siku ya kurekodi sitaita majina, nitasema "dawati la tatu". Kabla ya kutuma nitasikiliza yote kwa spika za masikioni, maana sauti ndiyo inayosaliti kuliko picha. Picha ya mbele ya video pia nitaiweka mwenyewe, iwe ubao, kwa kuwa YouTube ikiachiwa huchagua fremu yoyote, na fremu hiyo inaweza kuwa sura ya mtu aliyegeuka.

Nitatia pia alama kwamba video ni ya watoto. Alama hiyo inafunga sehemu ya maoni. YouTube iliianzisha baada ya Google kukubali, mwaka 2019, kulipa dola milioni 170 nchini Marekani kwa tuhuma za kukusanya taarifa za watoto bila ridhaa ya wazazi.

Mtu akikuomba linki, usimkatalie kwa ukali. Mwambie aniombe mimi.

3. Jisifu, lakini jisifu kwa daftari

Mtoto akipata 5 kwa 5 utataka dunia ijue. Ni haki yako, nami ni mzazi. Sikukatazi kurusha stetasi, nakupa namna ya kuirusha.

Usipige uso, wala beji ya sweta, wala geti la shule nyuma yake. Piga ukurasa wa daftari wenye alama za vema, ufunike jina kwa kidole. Mkono wake ukiwa pembeni na kalamu, picha inapendeza zaidi. Andika chini: "Mtu wangu leo kaitoa 11/12 mwenyewe." Wanaomjua watajua ni nani.

Sababu ni namba zilizo kwenye simu yako. Stetasi ya WhatsApp, usipobadili chochote, huonwa na kila ambaye umehifadhi namba yake naye kahifadhi yako. Pitisha jicho kwenye orodha hiyo leo: fundi bomba wa mwaka juzi, dereva wa bajaji, dalali wa chumba ulichokwisha kuhama. Inaondoka baada ya saa 24, ila picha ya skrini haiondoki. Nenda kwenye faragha ya stetasi, chagua `Only share with...`, utie shangazi, mjomba, bibi na rafiki wawili. Unaifanya mara moja tu. Baada ya hapo jisifu kila Ijumaa.

4. Fomu usiijaze, kama umechoka

Nyuma ya barua hii kuna fomu yenye viboksi vitatu: sauti ya mtoto isikike, mgongo wake uonekane, uso wake uonekane. Weka vema panapokuridhisha. Ukikubali cha kwanza tu, sawa. Ukiubadili uamuzi mwezi ujao, niandikie mstari mmoja, nitazifunga video za zamani alizomo siku hiyohiyo.

Ukiiacha tupu, au ikipotelea mkobani, nitahesabu kwamba umekataa vyote vitatu. Mtoto wako atasoma kama kawaida, atajibu maswali kama kawaida, ila kwa kujibu na kwa kuja ubaoni ataitwa kamera ikiwa imezimwa. Sitamhamisha dawati wala kumuuliza mbele ya wenzake. Ukimya wa mzazi siutumii kama ruhusa: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka kwa mtoto ridhaa itoke kwa mzazi au mlezi. Jirani zetu Kenya, mwaka 2023, shule moja ilitozwa faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi.

Kiboksi cha uso, hata ukikitia vema, hakitapeleka video YouTube. Siku ya majaribio ya Sayansi au ya ngonjera, pale sura ndizo zenye raha yake, video itabaki kwenye kompyuta ya shule na mtaiona wote kwenye kikao cha wazazi. Sitaituma kwa mtu, hata kwa mwenyekiti wa kamati.

Mwisho wa muhula wa pili nazifuta video zote za mwaka. Anayetaka kurudia, arudie kabla.

Linki ya kwanza itafika Jumatano jioni, saa moja. Ukisikia jina la mtoto yeyote ndani yake, la wako au la wa mwenzio, usiandike kwenye kundi, kwa sababu wote watakimbilia kusikiliza. Nipigie, hata usiku, nitaifunga kwanza halafu ndipo tuongee.

Mwalimu wenu wa Hisabati