Namna ya Kumchosha Fundi kwa Picha ya Skrini

Ukitaka fundi wako aliyeko Mbulu mjini asijue kabisa kompyuta ya shule yenu ya Masieda inaumwa nini, fanya hivi. Subiri jua la saa saba, lipe dirisha mgongo, kisha piga picha ya kioo cha kompyuta kwa simu. Hakikisha mng'ao unatua juu ya ujumbe wa hitilafu, kivuli cha kichwa chako kinafunika namba, na mistari ya mawimbi inakatiza maandishi. Itume, halafu lalamika kwamba fundi ni mzembe.

Anayetaka kompyuta ipone apige picha kwa Linux yenyewe iliyomo ndani yake. Kwenye GNOME 42 ya mwaka 2022 na matoleo yaliyofuata, bonyeza PrtSc. Baadhi ya laptopu hutaka Fn pamoja nayo. Chagua eneo, dirisha moja au skrini nzima, upige. Picha hukaa ndani ya Pictures, kwenye folda ya Screenshots, na herufi zake husomeka zote.

Shida huja kwenye kompyuta kuukuu inayotumia X11. Umefungua menyu ili fundi aone kwamba chaguo la printa limefifia, unabonyeza PrtSc, kimya. Menyu iliyo wazi huishikilia kibodi, hivyo agizo lako halifiki. Dawa ni kuweka saa kabla ya kufungua menyu. Siku mtandao ukiwa mzuri, fungua terminali, sakinisha programu ya scrot kwa mstari wa kwanza, kisha piga picha kwa mstari wa pili:

```
sudo apt install scrot
scrot -d 5 ~/hitilafu.png
```

Hiyo 5 ni sekunde. Ukishabonyeza Enter, fungua menyu na uiache wazi, usiguse kitu. Picha itakungoja kwenye folda yako ya nyumbani.

Ikitoka nyeusi tupu, usiilaumu kompyuta. Uliza kwanza uko kwenye mfumo gani:

```
echo $XDG_SESSION_TYPE
```

Jibu likiwa `wayland`, umepata sababu. X11 huiachia programu yoyote kuchungulia skrini nzima, lakini Wayland huzificha programu zisionane, na ruhusa ya kupiga picha hubaki kwa eneo-kazi lenyewe. Scrot ilitengenezwa kwa X11, kwa hiyo hapo haina macho. Rudi kwenye PrtSc.

Kabla ya kutuma, fungua picha uikague. Kama nyuma ya ujumbe wa hitilafu yanaonekana matokeo ya wanafunzi, piga upya ukichagua dirisha moja tu. Kisha kwenye WhatsApp itume kama dokumenti, kwa sababu ukiituma kama picha ya kawaida hubanwa na herufi ndogo huharibika. Na tafadhali, mwandikie fundi pia ulikuwa unafanya nini hitilafu ilipotokea. Hilo halimo kwenye picha yoyote.