Barua ya Wazi kwa Meneja wa Madai: Friji Langu Limezeeka Lini?

Ndugu Meneja wa Idara ya Madai,

Nimepokea barua yenu ya kunijulisha kwamba dai langu la wizi wa vyombo vya ndani limekubaliwa. Nilishangilia hadi nilipofika kwenye tarakimu.

Mtakumbuka kilichotokea. Wezi walikata nondo za dirisha la nyuma, wakafungua mlango wa uani kwa ndani, wakabeba friji, televisheni na cherehani. Niliwaletea RB ya polisi, picha za nondo zilizokatwa, na risiti mbili za dukani. Kijana wenu wa kukadiria hasara alikuja na kikokotoo na adabu nyingi. Alikaa pale penye alama nne za miguu ya friji sakafuni, akaniambia, "Mama, hapa tutaangalia uchakavu tu kidogo."

Kidogo hicho ndicho ninachowaandikia.

Friji nililinunua mwaka 2018 kwa shilingi 1,000,000. La ukubwa uleule leo ni 1,600,000, na ankara ya makisio kutoka dukani mnayo. Kijana wenu alisema friji huchakaa asilimia 10 kila mwaka, limekaa miaka saba, kwa hiyo limebaki na asilimia 30. Sawa. Akachukua asilimia 30 ya 1,000,000, akaandika 300,000.

Kwenye televisheni, kijana akageuka mwanauchumi. Niliinunua mwaka 2021 kwa 1,500,000, lakini televisheni zimeshuka bei na ya namna ile leo ni 900,000. Imetumika miaka minne, imebaki asilimia 60. Hapa hakuigusa bei niliyonunulia. Alichukua ya leo, akapata 540,000. Ukweli ni kwamba hesabu hiyo haina kosa. Ninachouliza ni kwa nini bei ya leo ilikuwa na akili kwenye televisheni, ikakosa akili kwenye friji. Angelipima friji kwa kipimo kilekile, lingetoka 480,000.

Ikabaki cherehani. Ni ile ya chuma, ya kukanyaga kwa mguu, ya miaka zaidi ya ishirini, niliyokuwa nashonea sare za wajukuu. Kijana aliangalia jedwali, akaona kwamba kitu cha asilimia 10 kwa mwaka huisha thamani mwaka wa kumi, akaandika sifuri. Nikamwambia, "Mwanangu, cherehani hizi mafundi wanazigombania, iliyotumika haishuki 250,000." Akanijibu kwamba soko halihusiki, jedwali ndilo linalohusika. Dakika kumi kabla, kwenye televisheni, soko lilikuwa linahusika sana.

Basi mmepata 840,000. Mkaondoa 200,000, ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mkataba unasema naibeba mwenyewe, nayo siibishii. Mnanipa 640,000. Kuvirudisha vyombo hivyo vitatu vikiwa vipya, pamoja na cherehani mpya ya 450,000, ni shilingi 2,950,000. Nimalizie mimi 2,310,000, katika mwezi uleule niliolipa fundi wa nondo.

Najua mtanijibu kwa kanuni. Mtaniambia bima ni ya kumrudisha mtu alipokuwa, si ya kumtajirisha, na kwamba aliyeibiwa friji la miaka saba akipewa jipya amepata faida juu ya msiba, na jirani yake ataanza kuwatamani wezi. Hoja hiyo ina uzito, nami siidharau. Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliiweka wazi mwaka 1883, katika kesi ya Castellain dhidi ya Preston, na sheria yetu ya bima imerithi mafundisho hayo. Ila kanuni ile ina miguu miwili: mwenye bima afidiwe kikamilifu, na asifidiwe zaidi ya hapo. Ninyi mguu wa pili mnautembeza kila siku. Wa kwanza umekufa ganzi. Fidia kamili kwa mkataba wa namna yangu, mkipima vyote kwa kipimo kimoja, yaani bei ya leo ukitoa uchakavu wa kweli, ni 480,000 na 540,000 na 250,000. Toeni 200,000 zenu, inabaki 1,070,000. Hapo sijadai jipya hata moja.

Sasa nije kwenye jambo linaloninyima usingizi kuliko wizi. Siku nakata bima, mfanyakazi wenu wa mauzo alinipa fomu yenye safu iliyoandikwa "bei ya kununua kipya". Nikaijaza kwa uaminifu, friji, kabati, makochi, mpaka pasi, ikafika 12,000,000. Ada mkaitoza juu ya 12,000,000 hizo. Kwa hiyo ninapolipa mimi, friji ni jipya linang'aa. Mnapolipa ninyi, ni kikongwe kilichoshika mkongojo. Nauliza tena, limezeeka lini? Baina ya dirisha la malipo na dirisha la madai pale ofisini kwenu hakuna hatua ishirini.

Mngeniambia mapema kwamba kuna mikataba miwili ningechagua. Upo unaolipa thamani ya kitu kilivyo baada ya uchakavu, na upo unaolipa bei ya kipya badala ya cha zamani, kwa ada kubwa zaidi. Huo wa pili nao una meno yake. Lazima utaje bei ya kununua upya kila kitu kilichomo ndani. Vyombo vikiwa vya 12,000,000 nawe ukataja 6,000,000 ili kupunguza ada, siku ya hasara ya 1,600,000 unaweza kulipwa nusu, kwa kuwa ulivikatia bima nusu. Nguo na mashuka mara nyingi huachwa nje yake. Na mara nyingi bei ya kipya hutolewa ukishanunua kweli na kuonyesha risiti. Kabla ya hapo unapewa ya kichakavu. Mimi nilibebeshwa hesabu ya mkataba wa pili nikapewa malipo ya wa kwanza, na kifungu kinachoeleza msingi wa malipo kimo ukurasa wa kumi na nne, baada ya vita na mitetemeko ya ardhi.

Mtasema pengo hilo nilizibe kwa kununua vilivyotumika. Ni ushauri mzuri kwa mtu aliyeibiwa. Nikitembea kwenye mafriji ya mitumba yasiyo na risiti wala dhamana, huenda nikalikuta langu, nikaingizwa kwenye kesi ya kupokea mali ya wizi.

Ombi langu ni fupi. Ukurasa wa kumi na sita wa mkataba wenu unasema kampuni ina hiari ya kulipa fedha, kutengeneza, au kuleta kitu kingine badala ya kilichopotea. Hiari ni yenu, nami nawasihi muitumie. Ziacheni fedha. Mpeni kijana wenu 300,000 zile, aende Kariakoo au popote apendapo, aniletee friji la miaka saba, la ukubwa uleule, linalogandisha, lenye mlango unaofunga, na karatasi ya kuonyesha kwamba aliyeliuza ni mwenyewe. Akilipata kwa bei hiyo, naomba aniongezee na la pili, nitamlipa papo hapo.

Asipolipata, aniandikie barua ya kusema alilikosa. Nitaiambatanisha kwenye malalamiko yangu kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Wenu katika uchakavu,
Mteja wa tangu 2018