Tupio la Shangazi

Elimu yangu yote ya figo ilikuwa picha moja. Nilikuwa mtahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha nne, naishi Kasulu kwa shangazi, na picha hiyo niliipiga Kibondo: kurasa mbili za daftari la rafiki yangu juu ya gunia la maharage, huku kondakta akinipigia kelele nipande basi.

Usiku wa kuamkia mtihani wa baiolojia nikaitafuta. Mahali pake palikuwa na video ya harusi ya binamu.

"Shangazi, umefuta nini?"

"Simu ilisema imejaa, baba. Nikafuta zile zisizo na mtu."

Sikushtuka sana. Picha ikifutwa kwenye Google Photos huenda kwanza Tupio, na isiyo na nakala mtandaoni hukaa humo siku 30. Yangu haikuwa na nakala, maana simu niliiagiza ipandishe picha kwa Wi-Fi tu, nayo Wi-Fi kwa shangazi ni kitu cha kwenye matangazo. Nikafungua Tupio. Tupu.

"Na hilo nimelimwaga," akasema. "Pipa la taka unaliacha lijae?"

Rafiki wa Kibondo hapatikani. Nikapakua programu ya kufufua picha, ikala bando langu lote, ikaniletea kitu kimoja: ile nakala ndogo ambayo simu huitunza ili kuonyesha picha haraka. Ukubwa wa ukucha. Ukiivuta, maandishi yanageuka ukungu, na mchoro wa nefroni unakuwa mgebuka aliyekaushwa vibaya.

Basi nikakaa chini na kalamu, nikaandika nilichokumbuka. Shangazi, kwa kujisikia vibaya, akaomba nimsomee.

"Figo huchuja kama lita 180 kwa siku."

"Madumu tisa!" Yeye hupandisha kilima na matatu, kwa hiyo alichukizwa. "Yanaenda wapi?"

"Karibu yote yanarudi kwenye damu. Mkojo ni kama lita moja na nusu."

"Yanachujwa yote, halafu yanarudishwa? Kwa nini yasibaki yalipokuwa?"

Swali zuri, na la kuudhi saa sita usiku. Ilinibidi nieleze kwamba figo haichagui uchafu mmoja mmoja. Inamwaga nje karibu kila kilicho kidogo, sukari na chumvi pamoja na urea, kisha mrija unaokota vya kurudisha.

"Yaani anamwaga kwanza ndipo anachambua," akasema, akinitazama. "Mbona mimi nikifanya hivyo mnanisema?"

Asubuhi swali la figo lilikuwepo. Nilijibu la madumu tisa bila kusita, ingawa nefroni niliyochora ilikuwa na mkia wa mgebuka.

Video ya harusi bado imo kwenye simu yangu, dakika 14, nyingi za kiatu cha mpiga picha. Shangazi amenikataza kuifuta.